Maswali ya wasafiri: leova, geti na matangazo ya lugha ya watu

Leova na transiti si kitu kimoja jamani? Mbona mnatuchanganya

Sio kimoja. Leova ni ule muda unaokaa katikati ya flaiti mbili, na kwa safari za kimataifa ikizidi masaa 24 inaitwa stopova, na hapo mara nyingi na nauli inabadilika. Transiti ni kupita kwenye nchi bila kuingia. Sasa hapa ndo watu wanapoumia, maana unaweza kuwa na leova ya masaa mawili tu na bado ukatakiwa viza. Ukipitia Marekani hakuna cha kusema mimi napita tu, kila mtu anapita uhamiaji na anatakiwa awe na kibali cha kuingia hata kama ndege yake nyingine inaondoka jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo swali sio masaa mangapi, swali ni unapita wapi na pasipoti yako ni ya wapi. Uliza kabla hujalipa.

Nimenunua tiketi mbili tofauti maana ilikua nafuu, transiti masaa matatu, begi si litahamishwa lenyewe?

Hili swali nimeshalijibu mpaka nimechoka. Ndugu yangu, hiyo sio transiti. Hizo ni safari mbili ambazo wewe umeziunganisha kichwani mwako, mashirika yenyewe hayajui. Mara nyingi begi litaishia pale ndege ya kwanza inapoishia, kwa hiyo utapita uhamiaji (na viza juu), utasubiri begi kwenye mkanda, utatoka nje, utapanga foleni ya chekini upya, halafu ukaguzi tena. Na kaunta ya chekini ya flaiti za kimataifa kwa kawaida inafungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo katika masaa yako matatu toa hilo moja, toa na muda wa foleni ya uhamiaji, uone kinachobaki. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haitakusubiri na hela hairudi.

Namna ya kujua: angalia ile lebo wanayoifunga kwenye begi ukiwa kaunta. Ina herufi tatu kubwa za uwanja wa mwisho. Kama ni za mji unakoenda, mara nyingi begi linaenda moja kwa moja. Kama ni za mji wa katikati, litakusubiri huko. Soma pale pale kaunta kabla begi halijaondoka, usiulize ukiwa juu angani.

Tiketi imeandikwa tarehe 12 saa 00:40, niende uwanjani tarehe 12 usiku sio?

HAPANA. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatoka nyumbani tarehe 11 jioni. Ukienda tarehe 12 usiku ndege yako itakua imeondoka tangu usiku uliopita, na hapo kaunta hakuna wa kumlaumu. Na masaa yote kwenye tiketi ni ya mji husika, ya kuondoka kwa saa za unakotoka, ya kufika kwa saa za unakofika. Ukiona +1 pembeni ya saa maana yake unafika kesho yake.

Bodingi pasi ina saa mbili, nifuate ipi?

Ile ya kupanda ndege. Ile ya kuondoka ni ya rubani, sio yako. Geti linafungwa kabla, mara nyingi dakika 10 mpaka 20 kabla, na likifungwa hata kama unaiona ndege kwa kioo pale nje hawafungui.

Mimi lugha yao sijui hata salamu, matangazo yakiongea nasikia kelele tu. Nitajuaje wananiita?

Dada, kwanza acha kusubiri kuitwa. Viwanja vingi vikubwa siku hizi vimepunguza matangazo makusudi, tangazo linasikika pale getini tu, kwa hiyo wewe uliyekaa mbali unachaji simu hulisikii hata wangeliita kwa Kiswahili. Kinachoongoza ni skrini. GO TO GATE maana yake anza kutembea, FINAL CALL kimbia, GATE CLOSED tafuta kaunta ya shirika lako.

Ila masikio yana kazi yake pia. Tangazo halitungwi upya kila siku, limejaa vitu vile vile: shirika, namba ya flaiti, mji, geti. Huhitaji kuelewa sentensi, unahitaji kuvua hivyo vitu vinne na vyote viko kwenye bodingi pasi yako. Tuseme flaiti yako ni 724 na uwanja unatangaza kwa Kiarabu. Wakiisoma tarakimu moja moja saba utaisikia bila kufundishwa, ya mwisho watasema arbaa, na hata sita, tisa na sifuri zao ni ndugu wa zetu. Hapo ya kujifunza ni wahid, ithnani, thalatha, arbaa, khamsa na thamania, basi. Kwa lugha nyingine fanya hivyo hivyo, jifunze moja mpaka tisa na sifuri ukiwa nyumbani, ni kazi ya nusu saa, na ujue wapo wanaounganisha namba, kwa hiyo ukisikia kipande tu inua kichwa uangalie skrini.

Na jina la mji ulijue wanavyolitamka wao. Kairo kwa Kiarabu ni Al-Kahira, Vienna kwa wenyewe ni Wien wanatamka Viin. Mtu anakaa anasubiri kusikia "Kairo" na Kairo haitajwi.

Tangazo baya kuliko yote ni la kubadilisha geti, maana geti lililoandikwa kwenye bodingi pasi halina ahadi. Dalili yake huhitaji lugha: watu uliokaa nao wanasimama kwa pamoja, wanabeba vitu, wanaondoka upande mmoja na sio kwenye foleni. Usiwafuate kama kondoo, inua macho uone skrini ya getini imeandika mji gani. Kama sio wako, nenda kwenye skrini kubwa. Na ukienda chooni, ukirudi angalia tena.

Halafu kuna wanaoruka foleni kila tangazo likisikika. Pale getini wanaita kwa makundi, namba ya kundi lako iko kwenye bodingi pasi. Wakiita la 1 na wewe ni la 4 kaa chini, siti yako haichukuliwi na mtu.

Namba ya flaiti yangu siioni kwenye skrini, ila ndege ya kwenda huko huko muda ule ule ipo na namba nyingine. Nimetapeliwa?

Hujatapeliwa. Mashirika yanauziana viti, ndege moja inabeba namba mbili tatu. Tafuta kwenye tiketi palipoandikwa OPERATED BY, shirika hilo ndo lenye ndege na kaunta yake ndo unayoiendea. Skrini zinabadilisha namba kila baada ya sekunde chache, simama usubiri kidogo.

Nikisikia jina langu linatajwa ina maana nimekamatwa?

Mara nyingi ina maana wenzako wote wamekaa na wewe tu ndo hujapanda. Usipotokea watashusha begi lako ndo waondoke, na kulitafuta kwenye tumbo la ndege kunachelewesha watu wote, sasa wewe fikiria wanavyokuangalia ukiingia. Tatizo majina yetu wanayatamka wanavyojua wao, kwa hiyo sikiliza namba ya flaiti inayotajwa na hilo jina.

Nikipoteza bodingi pasi ya karatasi?

Nenda kaunta au getini na pasipoti, wanachapisha nyingine. Na usiposti picha yake mtandaoni, ile msimbo pau na namba ya bukingi ya herufi sita pamoja na jina lako vinatosha mtu kuingia kwenye safari yako na kuivuruga.