Duka la programu linakataa kwa namba 0x80070422: kufuta kashe hakutoshi

Swali: Fundi, natumia Windows 11. Kila nikitaka kupakua programu kutoka Microsoft Store inagoma na kuniandikia 0x80070422. Nimefuta kashe kwa wsreset mara kadhaa, hali ni ile ile. Zamani nilizima masasisho ya Windows yasinimalizie bando. Nifanyeje?

Jibu: Chanzo ni hayo masasisho uliyoyazima. Microsoft Store haipakui programu peke yake. Inategemea huduma ya Windows Update, ambayo jina lake la ndani ni `wuauserv`. Ukiifunga ili masasisho yasishuke, duka nalo linakwama. Wengi huwa hawajui kwamba vitu hivyo viwili vimeunganishwa, kwa hiyo wanahangaika na duka huku tatizo liko kwingine.

Namba yenyewe imeshakuambia. Kosa linaloanza na 0x8007 ni kosa la kawaida la Windows, na maelezo yake yamo kwenye tarakimu nne za mwisho. Hapo kwako ni 0422, ambayo ukiitoa kwenye mfumo wa kumi na sita inakuwa 1058. Fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator, kisha andika:

```
net helpmsg 1058
sc qc wuauserv
```

Amri ya kwanza itakujibu kwamba huduma haiwezi kuanzishwa, pengine kwa sababu imezimwa. Ya pili itakuonyesha mistari kadhaa. Wewe tafuta ulioandikwa START_TYPE. Ukikuta `4 DISABLED`, umepata mchawi. Ukikuta `3 DEMAND_START`, huduma hiyo iko sawa hata kama kwa sasa haifanyi kazi, maana huamka yenyewe inapohitajika. Wapo wanaoona huduma imesimama wakadhani imeharibika. Kusimama si kosa, kosa ni kufungiwa isiweze kuamka.

Kuifungua:

```
sc config wuauserv start= demand
net start wuauserv
```

Angalia nafasi iliyopo baada ya alama ya usawa. Iandike hivyo hivyo, kwa sababu baadhi ya matoleo ya Windows huikataa amri isiyo na nafasi hiyo.

Kagua pia `bits`, `InstallService` na `ClipSVC` kwa `sc qc`. Ya kwanza hupakua mafaili kimyakimya, ya pili husimamia usakinishaji wa programu za duka, ya tatu hushughulikia leseni zake. Programu zinazojitangaza kuwa zinazuia masasisho mara nyingi hufunga zaidi ya huduma moja, kwa hiyo usiishie kwenye `wuauserv`.

Sasa ndipo wsreset ina maana. Bonyeza Windows na R, andika `wsreset.exe`, kisha subiri. Litatokea dirisha jeusi lisilo na maandishi. Usilifunge, litajifunga lenyewe na duka litafunguka. Kazi yake ni kufuta kashe ya duka tu. Haigusi programu ulizonazo, na wala haina uwezo wa kufungua huduma iliyofungwa, ndiyo maana hukuona mabadiliko.

Kama namba ya kosa imeondoka lakini upakuaji unaganda bila kusogea, huenda kuna mabaki ya upakuaji wa zamani. Lipe folda lake jina jingine, Windows itaunda jipya:

```
net stop wuauserv
net stop bits
ren %windir%\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv
```

Ukiambiwa huna ruhusa ya kubadilisha jina, kuna huduma imeamka katikati. Zisimamishe tena na urudie hapo hapo. Orodha ya historia ya masasisho itaonekana tupu, lakini masasisho yenyewe yamebaki. Duka likishafanya kazi, lifute lile folda la zamani urudishiwe nafasi kwenye diski.

Kuhusu bando, ipo njia isiyoliumiza duka. Kwenye Settings, ingia Network & internet, fungua sifa za Wi-Fi yako, uwashe Metered connection. Windows itapunguza sana kupakua yenyewe, na wewe utapakua programu unapotaka. Ndani ya duka kwenyewe, zima App updates, au isimamishe kwa muda kama toleo lako haliruhusu kuizima kabisa.

Baada ya hapo washa kompyuta upya na urudie `sc qc wuauserv`. Ikirudi kwenye DISABLED, bado kuna programu ya kuzuia masasisho inayoifunga kila mara. Iondoe hiyo kwanza, la sivyo utakuwa unafungua nayo inafunga. Na kama kompyuta ni ya kazini, aliyeifunga anaweza kuwa mtu wa IT kwa kanuni za ofisi. Hapo usiilazimishe, mwombe yeye aifungue.