"Moja kwa tano" au "moja kati ya tano"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea utabibu hapa Moshi. Daftarini nimeandika kwamba mgonjwa ana uwezekano wa "moja kwa tano" wa kuwa na ugonjwa, yaani asilimia 20. Kipimo kimetoka chanya, na uwiano wake ni 6. Nimezidisha nikapata asilimia 120! Nimekosea hesabu au lugha?

Jibu: Marahaba. Umekosea lugha, na kosa limo kwenye "kwa". Asilimia 20 ni mmoja *kati ya* watano. Mwenye ugonjwa yumo ndani ya hao watano. "Kwa" huweka upande mmoja mbele ya mwingine. Fundi anayepiga plasta pale Majengo akisema "saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo nne", nenda ukahesabu ndoo zilizoingia kwenye lundo: ni tano. Basi mmoja kati ya watano ni mmoja *kwa wanne*.

Hiyo 6 imetokana na pande mbili vilevile. Tuseme kipimo chako huwagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na huwasingizia wazima 15 katika kila 100. Gawanya 90 kwa 15, unapata 6. Uwiano wa namna hii huzidisha "kwa", hauzidishi "kati ya". Kwa hiyo anza na moja kwa nne, ambayo ni 0.25. Zidisha kwa 6, unapata 1.5. Hapo bado uko kwenye "kwa": 1.5 kwa 1, au tatu kwa mbili. Kurudi kwenye asilimia, jumlisha pande zote kama zile ndoo: tatu kati ya tano, asilimia 60.

Ukitaka kuhakikisha, chukua watu 100. Wagonjwa ni 20, na 18 kati yao wanatoka chanya. Wazima ni 80, na 12 kati yao wanatoka chanya. Chanya zote ni 30, na za kweli ni 18. Ni ileile asilimia 60.

Una bahati kwamba 120 ilikushtua. Ungeanza na asilimia 10, ungezidisha ukapata 60 na usingeshtuka hata kidogo, kumbe jibu sahihi ni 40: moja kwa tisa mara 6 ni sita kwa tisa, yaani sita kati ya kumi na tano. Hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi, kwa sababu linafanana na jibu.

Kipimo kikitoka hasi, njia haibadiliki, uwiano ndio unaobadilika. Wagonjwa wanaokosewa ni 10 katika 100, wazima wanaoambiwa kweli ni 85, na 10 ukigawanya kwa 85 ni kama 0.12. Zidisha 0.25 kwa hiyo, unapata 0.03 kwa 1. Hapa "kwa" na "kati ya" karibu zinalingana, maana upande wa wagonjwa umekuwa mdogo mno: asilimia 3 hivi.