"Kosa la kawaida" si kosa la mtu: kutaja CI, SE na SD kwa Kiswahili

*Shikamoo Mwalimu. Nafupisha ikisiri za tafiti za afya kwa Kiswahili. CI, yaani confidence interval, nimeiita "kipindi cha kujiamini", pengine "kiwango cha uhakika"; SE, yaani standard error, nikaiita "kosa la kawaida". Mhariri amenirudishia kazi akisema msamiati wangu unayumba. Nishike lipi?*

Marahaba. Kuyumba ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba kati ya hayo matatu, mawili yanasema jambo jingine kabisa, na la tatu lina kazi yake tayari.

"Kipindi" msomaji anakielewa kuwa muda, na "kujiamini" ni sifa ya mtu asiyeogopa kusimama mbele za watu. Ukiyaunganisha, mama anayesoma habari za chanjo atadhani watoto walipewa muda wa kupata ujasiri. "Kiwango cha uhakika" ni istilahi nzuri, lakini ni jina la ile 95 iliyo katika "95% CI", si la namba mbili zinazoifuata. Ukilitumia kwa vyote viwili, siku ikisiri itakapotaja kiwango cha asilimia 99 utakosa neno.

Mimi CI naiita "mipaka ya uhakika". Wapo wanaosema "masafa ya uhakika", nao hawajakosea, ila masafa kwa wengi ni ya redio. Mipaka inanipa pia lugha ya kuendelea nayo bila kuhangaika: mpaka wa chini, mpaka wa juu, mipaka imebana, mipaka imetanuka.

Tuijaribu kwenye ikisiri ya kweli. Matokeo ya mwisho ya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S yalitoka mwaka 2015, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwamo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 wakapata dozi tatu na ya nyongeza, ufanisi dhidi ya malaria yenye dalili uliandikwa 36.3% (95% CI 31.8–40.5). Mimi ningeandika hivi:

"Ufanisi wa chanjo ulikadiriwa kuwa asilimia 36.3 (mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 31.8 hadi 40.5)."

Kwa watoto ambao hawakupata dozi ya nyongeza, jina refu halirudiwi: asilimia 28.3 (23.3 hadi 32.9). Angalia "ulikadiriwa". Neno hilo ndilo linalomwambia msomaji kwa nini kuna mipaka. Na usiandike kamwe kwamba "watafiti wana uhakika wa asilimia 95 kuwa chanjo inafanya kazi". Ile 95 inaisifu njia ya kukokotoa: utafiti ukirudiwa mara nyingi vilevile, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka itakayopatikana itakuwa imeizunguka thamani halisi.

Sasa SE. "Kosa la kawaida" ni lile linalofanywa na kila mtu, kama kuandika "hadhi" badala ya "hadi". Neno la kushika hapa ni "sanifu", lilelile la Kiswahili sanifu, na ulitumie kote: SD, yaani standard deviation, iwe "mkengeuko sanifu" ("mchepuko sanifu" pia sawa, mradi usichanganye), SE iwe "kosa sanifu". Kwa kuwa "kosa" bado linanuka lawama, mimi huliambatanisha na mwenyewe: "kosa sanifu la wastani". Nilijaribu "hitilafu", wasomaji wakafikiria umeme.

Tofauti ya hivyo viwili lazima uijue, maana ikisiri nyingine huandika alama ya ± tu na kunyamaza. Chukua mfano wa kubuni: watoto 100, wastani wa uzito kilo 12.0 ± 0.2. Ukisema 0.2 ni mkengeuko sanifu, umesema karibu watoto wote wana uzito wa kati ya kilo 11.6 na 12.4. Nenda kliniki yoyote uone kama inawezekana! Hapo 0.2 ni kosa sanifu. Mkengeuko ukiwa kilo 2 na n ikiwa idadi ya watoto, mstari wa kwanza unaonyesha lilivyopatikana, na wa pili mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ya wastani:

```
SE = SD / √n = 2 / √100 = 0.2
12.0 ± 1.96 × 0.2 → 11.6 hadi 12.4
```

Mkengeuko unaeleza watoto wanavyotofautiana wao kwa wao. Kosa sanifu linaeleza wastani wetu ungeyumba kiasi gani tungechukua watoto wengine 100. Ukiongeza watoto, kosa sanifu linapungua, mkengeuko unabaki palepale au karibu.

Pale ambapo hesabu haikupi jibu, fungua makala kamili. Maelezo huwa chini ya jedwali la kwanza. Yasipokuwepo, acha ± kama ilivyo, usiipe jina.