Kompyuta chakavu za shule: usipige Windows wala Linux kabla hujausoma mtaala

Niliitwa kukiangalia chumba cha kompyuta cha shule ndogo. Kulikuwa na mashine 14 za mezani, zote prosesa za Core 2 Duo, RAM ya GB 2 na diski za zamani zinazozunguka. Tatu hazikuwaka kabisa. Zilizobaki 11 zilikuwa na Windows 7, na zikiwashwa asubuhi mwalimu alikuwa na muda wa kuita majina ya darasa zima kabla hazijatulia. Fundi aliyenitangulia alishauri zipigwe zote Windows 10. Mimi nami nilifika na flashi ya Linux mfukoni, jibu tayari kabla ya swali. Sote wawili tulikuwa hatujauliza wanafunzi wanazitumia kufanya nini.

Tukaketi na mwalimu, mtaala mezani. Mwaka mzima darasa lake linafanya mambo manne: kuchapa nyaraka, kutengeneza majedwali ya hesabu, kutafuta habari mtandaoni, na kujenga hifadhidata ndogo. Matatu ya kwanza yanafanyika popote. La nne ndilo lililoamua kila kitu, kwa sababu zoezi la vitendo linaitaja Access kwa jina, pamoja na fomu na ripoti zake. Kwenye Linux hakuna Access. Kuna LibreOffice yenye Base, ambayo ni programu nzuri, lakini fomu na ripoti zilizotengenezwa kwenye Access hazifunguki humo. Mwanafunzi aliyefundishwa Base akikalishwa mbele ya Access siku ya mtihani atakuwa mgeni. Kwa hiyo lazima Windows zibaki. Swali likawa ngapi, na zipi.

Ushauri wa Windows 10 tuliuweka kando mapema. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni zaidi, vitu ambavyo mashine hizi hazina. Windows 7 nayo iliachwa tangu 14 Januari 2020. Ila hatari ya mfumo ulioachwa hutegemea sana kama mashine inaingia mtandaoni. Ikikaa bila waya wa mtandao, ikifanya Access na basi, bado inafaa kazi.

Tukaja kwenye Linux. Nilichagua Linux Mint ya Xfce, kwa sababu menyu yake iko chini kushoto na mwanafunzi aliyezoea Windows hapotei. Inataka prosesa ya biti 64, na hilo ukiiwasha kompyuta kwa Linux ya biti 32 kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, unalijua kwa amri moja:

```
lscpu | grep op-mode
```

Ukiona 32-bit, 64-bit, endelea. Ukiona 32-bit peke yake, achana na Mint ujaribu antiX ya biti 32, ambayo ni nyepesi zaidi.

Ukishaisakinisha kwenye mashine moja, usikimbilie kumi zilizobaki. Fungua Firefox na kurasa tatu za kawaida, fungua na waraka wa LibreOffice, kisha andika:

```
free -h
```

Angalia safu ya available na mstari wa Swap. Kwangu, Mint ikiwa haifanyi lolote ilitumia kama MB 650. Nilipofungua Firefox, available ikashuka chini ya MB 200 na Swap ikaanza kupanda. Hapo taa ya diski haizimi tena na kipanya kinaganda, maana kompyuta inahamishia kwenye diski vile ambavyo havikuenea kwenye RAM, na diski inayozunguka haiwezi mwendo huo. Nilipofunga Firefox na kuacha waraka peke yake, mashine ilikwenda vizuri kabisa. Mzigo, kumbe, ni kurasa za siku hizi. Watu wengi hulaumu mfumo bure.

Tukayageukia yale maiti matatu. Kila moja ilikuwa na vipande viwili vya RAM vya GB 1, na madabodi za mashine nzima zilikuwa na nafasi mbili wazi. Vipande sita vikatosha kuzipandisha mashine tatu hadi GB 4. (Linganisha maandishi ya kwenye kipande kwanza, DDR2 haiingii penye DDR3.) Mwalimu alitaka hizo tatu bora ziwe za Windows. Nilimpinga. Windows 7 isiyo na mtandao inaendesha Access kwa GB 2 bila shida, wakati Firefox ndiyo yenye njaa. Basi mgawanyo ukawa hivi: mashine tatu za Mint zenye GB 4 kwa ajili ya intaneti, tano za Mint zenye GB 2 kwa kuchapa na majedwali, na tatu za Windows 7 kwa Access, waya wa mtandao umechomolewa. Wanafunzi huzunguka kwa makundi. Kama shule ingekuwa na fedha kidogo, ningeanza na SSD kwa zile tatu za intaneti.

Wiki ya kwanza ilileta malalamiko mawili. Mwalimu mmoja aliandaa jaribio kwenye Word nyumbani, kurasa mbili kamili, akalifungua kwenye Mint likawa kurasa tatu na majedwali yamehama. Chanzo ni fonti. Calibri haimo kwenye Linux, hivyo LibreOffice iliweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Zipo fonti zilizopimwa upana sawasawa na Calibri na Cambria, unaziweka hivi:

```
sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea
```

Jaribio likarudi kurasa mbili. Nyaraka zenye maumbo na visanduku vingi bado husogea kidogo, hizo zitoe kwa PDF.

Malalamiko ya pili yalikuwa kosa langu. Kwenye mipangilio ya Login Window niliruhusu wanafunzi waingie kama wageni, ili kila anayetoka aiache kompyuta safi. Nikasahau kuwaambia kwamba usafi huo unafuta na kazi zao. Msichana mmoja alichapa kipindi kizima, akatoka, akarudi akakuta hakuna kitu. Siku hiyo hiyo nikabandika karatasi kwenye kila kioo: hifadhi kwenye flashi kabla ya kutoka.

Nazo flashi ndizo mlango wa virusi kwenye zile Windows tatu, hata bila mtandao. Dalili mnazijua: folda zinageuka njia za mkato, na faili zenyewe zimefichwa. Tuliweka utaratibu kwamba flashi hupita kwanza kwenye mashine moja ya Mint. Pale hizo njia za mkato, yaani faili zinazoishia na .lnk, hazijiendeshi, zinaonekana wazi, na ukibonyeza Ctrl+H unaona pia folda ambazo jina lake limeanza na nukta. Mwanafunzi anafuta .lnk na faili zozote za .vbs asizozijua, ndipo anaruhusiwa kwenda kwenye Access. Kijana wa zamu aliyepewa kazi hiyo sasa anajiita daktari wa flashi, na foleni yake siku ya hifadhidata ni ndefu kuliko ya printa.