Barua ya shukrani kwa mzee wa Kibaigwa

"Nauza unga na nafaka Majengo, Dodoma. Mzee anayeniletea mahindi kutoka Kibaigwa alinikopesha magunia 12 kuanzia Januari hadi mavuno. Nimemaliza kulipa wiki jana. Nataka kumwandikia asante, nianzeje?"

Kabla ya kushika kalamu, fungua daftari lako mlinganishe na lake. Barua ikisema magunia 12 na yeye kaandika 13, shukrani inageuka ubishi. Mkikubaliana, anza na shikamoo, kisha nenda kwenye jambo lenyewe. "Asante kwa ushirikiano wako" hata benki huandika. Wewe mwambie alichofanya:

"Februari, wateja wangu walipokuwa wananunua unga kwa nusu kilo, uliniletea magunia manne bila kudai hata nauli. Duka halikufungwa hata siku moja. Tarehe 14 Juni nimekulipa awamu ya mwisho, na sasa sina deni kwako."

Sentensi hiyo ya mwisho usiiache, maana mzee ataitunza barua, na kesho wanawe wakirithi biashara wasije wakakudai upya. Kwa sababu hiyohiyo, usiandike "nitakulipa fadhila zako", andika "sitasahau".

Bei aliyokukopeshea usiitaje. Barua huzunguka sokoni, na wenzako wataitaka hiyohiyo. Mkopo mwingine pia usiuombe humo, hata kwa kudokeza. Subiri Desemba, umpigie simu.

Mpelekee mwenyewe, kwa mkono. Ukipata kuku, mbebe.