Usikisafishe kipande chako, kiache na kelele zake

Swali: "Wakuu, nimerekodi kipande cha wimbo kwenye gari la Bububu, kama sekunde 15. Injini na makelele ya utingo yamejaa humo. Nataka nikisafishe kwanza kwa apu ya kuondoa kelele halafu nikisikilizishe Shazam. Apu ipi nzuri, nihifadhi MP3 ya ukubwa gani, na taarabu za zamani zinatambulika?"

Usikisafishe! Kama hujaanza, usianze. Kama umeshaanza, hakikisha ile asili bado unayo, uiweke mahali pawili, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Miye niliingizwa mjini na kijana mmoja mwenye kistudio. Nilikuwa na kipande nilichokinasa Darajani, mbele ya banda la muuza flashi, wimbo ambao mama mkubwa alikuwa akiutafuta tokea zamani. Kijana akaskiza, akatikisa kichwa, akasema kwa kelele zote hizi hakuna mashine itakayousikia, lete nikusafishie. Akanitoza pesa, akanirudishia faili nyororo, mwimbaji unamsikia kama yuko chumbani na wewe. Na ile chafu, akasema, ifute tu, haina kazi tena. Nikaifuta. Shazam ikatafuta, hakuna. Programu nyengine, hakuna. Niliporudi Darajani banda lile halipo. Na kabla hamjaanza kunicheka: mngeliskiza faili lile lilivyokuwa zuri, hata nyinyi mngelipa.

Kinachoniuma kuliko pesa ni kwamba alisema kwa uhakika mkubwa jambo asilolijua. Alidhani mashine inasikiliza kama tunavyosikiliza sisi. Haifanyi hivyo.

Programu hizi hazishughuliki na maneno, wala haziufuati wimbo kwa sauti ya mwimbaji. Zinaigeuza sauti kuwa picha: muda unakwenda ubavuni, wembamba na unene wa sauti unapanda juu, na palipo na nguvu panang'aa. Halafu picha karibu yote inatupwa, zinabaki nukta zile zinazong'aa kuliko jirani zake. Nukta mbili zikishikanishwa, unapata ufunguo mmoja: sauti ya kwanza ilikuwa na wembamba gani, ya pili gani, na zimepishana muda gani. Kipande cha sekunde 15 kinatoa funguo nyingi sana, na kila wimbo uliomo kwenye hazina yao umeshatolewa funguo zake mapema.

Sasa angalia zinavyolinganishwa, maana hapa ndipo kelele inaposhindwa. Tuseme ufunguo uliotokea sekunde ya 2 ya kipande chako unafanana na ufunguo wa sekunde ya 63 ya wimbo fulani. Peke yake haumaanishi kitu, unaweza kuwa umebahatika. Lakini wa sekunde ya 5 ukiangukia 66, na wa sekunde ya 9 ukiangukia 70, tofauti ni ileile 61 kila mara. Funguo za kutosha zikikubaliana kwenye tofauti moja, wimbo umeshapatikana. Utingo akipiga kelele "Bububu, Bububu!" naye anazaa funguo zake, lakini hizo zinatawanyika huku na huku, hazikubaliani kwenye tofauti yoyote, basi hazihesabiki. Avery Wang, mmoja wa waliounda Shazam, aliieleza njia hii kwenye makala yake ya 2003, na akaonesha kwamba hata funguo nyingi zikipotea, chache zilizosalimika zikijipanga pamoja zinatosha.

Na ukumbuke ilipoanzia. Uingereza, 2002, mtu alipiga nambari 2580 akaielekeza simu kwenye spika ya baa. Yaani sauti ya simu ya kawaida, ile isiyobeba sauti nyembamba sana wala nzito sana, na walevi wanapiga soga pembeni. Ikafanya kazi. Sasa injini ya gari la Bububu ina nini cha kutisha? Ngurumo yake imekaa chini kabisa ya picha, huku juu fidla na ganuni zinaachia nukta zao bila kuguswa.

Apu ya kusafisha inafanya kinyume chake. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo: kazi yake ni kulinda sauti ya mtu na kuua kila kitu chengine. Kwake yeye fidla ni kelele. Dumbaki ni kelele. Mkia wa ganuni unaofifia polepole ni kelele. Inazikata, na zikikatwa nukta zake zimekwenda, hazirudi. Zile nukta zinazobaki nazo zinaweza kusogezwa, kwa sababu apu inafungua na kufunga sauti vipandevipande, na kila inapofunga inaacha ukingo ambao haukuwemo kwenye wimbo. Kelele inaongeza takataka. Usafi unaondoa mali.

Kijana wangu alifanya na la pili, baya vilevile: alikata mapengo "yasiyo na kitu" ili faili liwe fupi. Rudi kwenye hesabu yetu. Ukitoa sekunde moja katikati, ule ufunguo wa sekunde ya 9 sasa unakaa kwenye sekunde ya 8, lakini kwenye wimbo bado ni 70. Tofauti imekuwa 62. Kundi moja limegawika mawili dhaifu, na pengine hakuna hata moja linalofikia idadi ya kuaminika.

Kulitambua faili lililoharibiwa si kazi. Vaa hedifoni, usimskize mwimbaji, skiza kati ya maneno yake. Kwenye faili langu, akivuta pumzi tu muziki wote ulizimika, kimya kikavu, kisha akifungua mdomo ala zinaibuka pamoja naye. Ukisikia hivyo, limeshakufa. Na kama hamniamini, chukueni wimbo mnaoujua na unaotambulika, unaseni sokoni Mwanakwerekwe, mjaribu kama ulivyo, kisha mjaribu uliosafishwa. Miye nilifanya hivyo baada ya kupata hasara. Mchafu ulitajwa jina mara moja, msafi ukagoma.

Hiyo MP3 usihangaike nayo, usibadilishe kitu. Angalia kinasa sauti cha simu yako kama kina hali ya mahojiano au ya kupunguza kelele, uizime, maana huo ni usafishaji uleule kwa jina jengine. Usiiweke simu mdomoni mwa spika: sauti ikipasuka inazaa nukta za uongo juu ya zile za kweli, na huo ndio uchafu unaodhuru hasa. Kaa mbali kidogo, unase sekunde nyingi kadiri uwezavyo.

Jambo moja tu litakushinda hata ukifanya yote haya. Kinachotambuliwa ni rikodi yenyewe, ile ile iliyomo kwenye hazina yao. Kikundi hichohicho kikiimba wimbo huohuo arusini, funguo ni nyengine kabisa. Na dereva akiwa ameongeza kasi ya wimbo, nukta zote zimepanda na muda umebanwa, hazifanani tena.

Icheze ile asili kwenye simu moja, kwa sauti ya wastani, chumba kikiwa kimya, Shazam iwe inasikiliza kwenye simu ya pili. Ikikataa, anzia sekunde ya 4 au ya 7, penye ala nyingi na utingo kanyamaza. Ukitaka tukusaidie, tuma humu faili lenyewe kama hati, usilipitishe kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na usiliguse kabla ya kulituma.