Fundi wa vigoda na ujira usioshuka

"Kama watu wanatafuta kazi, kwa nini ujira usishuke tu mpaka wote waajiriwe? Wanaklasiki, wale wachumi wanaoamini soko hujirekebisha lenyewe, wamekosea wapi?"

Ndugu, chukua mfano wa karakana ya vigoda hapa Jinja, tukiacha gharama za mbao. Kigoda ni shilingi 10,000. Fundi wa mwisho kuajiriwa anaongeza viwili kwa siku na analipwa 20,000. Wateja wakipungua, bei inashuka hadi 8,000, naye sasa analeta 16,000 tu.

Wanaklasiki wanasema ujira utashuka hadi 16,000, naye atabaki kazini. Kwa muda mrefu nakubaliana nao. Lakini ujira ulipatanwa kwa mwaka mzima, na tajiri anaogopa kuukata: mafundi hodari watahama, watakaobaki watazembea. Basi anamwachisha yule wa mwisho. Mbao zipo, mikono ipo, vigoda havitengenezwi. Huko ndiko uzalishaji kukaa chini ya uwezo.

Mchumi Mwingereza Keynes, mwaka 1936, aliongeza hoja ninayoiona nzito zaidi. Ujira ukikatwa nchi nzima, wanaokatwa ndio hao hao wanunuzi. Watanunua kidogo, na kigoda kinaweza kuanguka hadi 7,000. Hapo hata ule ujira wa 16,000 unakuwa ghali, kwa kuwa fundi analeta 14,000.